Mapengo ya Wasifu na Kalenda ya Bunia

Tangu Februari 2025, bahasha za maombi ya kazi zinazoletwa kwenye ofisi za Bunia zinafanana kwa jambo moja. Kazi ya mwisho ya mwombaji imekoma kati ya Januari na Machi, na baada ya hapo ukurasa hausemi kitu. Sababu yake kila mtu mjini anaijua. Mwishoni mwa Januari serikali ya Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo, ilisimamisha miradi yake, na tarehe 1 Julai shirika lake la USAID likafungwa rasmi. Katika siku hizohizo za mwisho wa Januari, Goma ilitekwa na M23, na baadhi ya waliokuwa wakifanya kazi huko wakafika kwetu Ituri na begi moja mkononi.

Mwezi Agosti niliitwa katika kamati ya watu watatu ya kuchuja maombi ya nafasi ya msimamizi wa ghala la dawa. Kijana anayeshughulikia rasilimali watu alikuwa ameandaa jedwali la alama 100, na ndani yake kulikuwa na mstari wa alama 15 ulioitwa utulivu kazini. Mwenye pengo la zaidi ya miezi 6 kati ya kazi na kazi anapata sifuri. Aliyepitia waajiri zaidi ya 4 katika miaka 10 naye anapata sifuri. Na mwenye sifuri katika mstari wowote hapandi kwenye orodha ya watakaoitwa mtihani.

Nilimuuliza mstari ule ameutoa wapi. Akanijibu kwa heshima, "Mama, tazama maboksi yale. Tukisoma kila karatasi tutamaliza lini? Pengo linaonekana haraka."

Alisema kweli, na hapo ndipo tatizo lilipo. Kigezo hiki kinapendwa kwa sababu ni chepesi kukiona. Huhitaji kujua ghala linaendeshwaje ili uone kwamba kati ya tarehe hii na ile hakuna kitu. Nimekaa katika kazi ya kuajiri watu hapa Bunia kwa zaidi ya miaka ishirini, na maneno ya kijana yule yalinirudisha kwenye mambo niliyoyaona tangu wakati karatasi zangu ndizo zilizokuwa zikisomwa.

Wasifu wangu una pengo la miezi 17, kuanzia Septemba 2002 hadi Januari 2004. Nilikuwa karani wa mashine ya kuchapa katika duka la jumla karibu na soko kuu. Agosti 2002 kundi la UPC lilipouteka mji, mwenye duka alifunga milango akaondoka, na mshahara wangu ukaishia hapo. Mwaka uliofuata ukawa mbaya zaidi. Mei 2003 majeshi ya Uganda yalipoondoka, mapigano yaliingia mitaani, na maelfu ya watu tukakimbilia karibu na kambi ya MONUC na uwanja wa ndege. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Tulilala chini ya plastiki mpaka wanajeshi wa Ulaya wa operesheni Artemis walipofika mwezi Juni, na hata baada ya hapo hakuna aliyethubutu kurudi nyumbani siku ileile.

Pale uwanjani watoa misaada walihitaji kujua familia ni ngapi na kila familia ina watu wangapi. Nilikuwa na daftari la mistari na kalamu mbili. Nikaanza kuandika: jina la mkuu wa familia, idadi ya watoto, walikotoka, alama ya vema wakishapokea sabuni na mafuta. Aliyekufa nilimkata kwa mstari mmoja, aliyezaliwa nilimwongeza pembeni. Sikulipwa, wala hakuna aliyenipa karatasi ya kuthibitisha. Lakini mpaka leo najua kwamba ile ndiyo kazi ya kwanza iliyonifundisha kutunza orodha isiyodanganya, kwa sababu mtu akikosekana kwenye orodha alikosa chakula na alikuja kusimama mbele yangu.

Januari 2004 nikaitwa kwenye usaili. Mmoja wa wasaili alikuwa ametoka Kinshasa. Aliupitisha wasifu wangu kwa kidole, akafika kwenye lile pengo, akaniuliza, "Miezi kumi na saba ulikuwa unakaa tu nyumbani?" Mama mmoja wa hapa Bunia aliyekaa kando yake akasema kwa upole, "Papa, mwaka ule hapa mjini hapakuwa na mwajiri. Muulize alifanya nini." Akaniuliza. Nikamweleza habari za daftari. Akataka kujua nilifanyaje mtu mmoja alipojiandikisha mara mbili, na usaili ukageuka kuwa mazungumzo ya kazi. Nikaajiriwa mwezi uliofuata.

Yule bwana hakuwa na roho mbaya. Alikuwa amesikia habari za vita vya Ituri kwenye redio kama kila mtu. Kilichomshinda ni kuunganisha alichokisikia redioni na tarehe zilizokuwa mbele yake mezani. Tangu siku ile, kabla ya kufungua bahasha ya kwanza, mimi huandika kwenye karatasi moja kalenda ya mahali petu na kuiweka katikati ya meza. Kwa miaka kumi ya karibuni karatasi hiyo ina mistari michache tu. Desemba 2017 mauaji yanaanza upya Djugu, na miezi ya mwanzo ya 2018 watu wanavuka Ziwa Albert kwenda Uganda kwa maelfu. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola inatangazwa Kivu Kaskazini na baadaye inafika kwetu Ituri. 2020 korona, na tarehe 25 Juni mwaka huohuo Ebola hiyo inatangazwa kuisha. Tarehe 6 Mei 2021 utawala wa kijeshi unaanza katika mikoa ya Ituri na Kivu Kaskazini. Januari 2025 fedha za Marekani zinasimama na Goma inatekwa.

Pengo linaloanza kwenye moja ya mistari hii halihitaji kuelezwa na mwombaji. Limeshaelezwa na mji.

Kuna jambo jingine ambalo kalenda inalifichua, na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Mapengo ya Ituri hayakugawanyika sawasawa. Aliyezaliwa Aru na aliyekuwa akifanya kazi huko mwaka 2018 aliendelea kwenda kazini. Aliyekuwa Drodro au Tchomia alipoteza nyumba, kazi na vyeti katika wiki moja. Kwa hiyo ukiweka mstari wa miezi 6 kwenye jedwali, unaweza kujikuta umewaondoa watu wa tarafa fulani na jamii fulani bila kuandika popote jina la kabila. Orodha ikibandikwa kwenye ubao wa matangazo, watu husoma majina, na kila mtu mjini anajua jina lipi linatoka wapi. Nimeshaona ofisi iliyochafuka jina kwa orodha ya namna hiyo, na waliokuwa ndani walishangaa kwa dhati kwa sababu kigezo chao hakikutaja mtu.

Kuhusu kubadilisha kazi mara kwa mara, somo langu kubwa lilikuja na riposti ya Ebola. Kati ya 2018 na 2020 vijana wengi wa Bunia, Mambasa na Komanda walifanya kazi za kufuatilia waliokutana na wagonjwa, kunyunyizia klorini, kupima joto kwenye vizuizi vya barabarani na kutunza maghala. Walilipwa kwa siku au kwa mikataba mifupi ya miezi michache, na mara nyingi mlipaji alibadilika huku kazi ikibaki ileile. Mtu anaamka asubuhi, anakwenda kwenye ghala lilelile, anahesabu maboksi yaleyale ya glovu, lakini Machi analipwa na mmoja, Julai na mwingine, na Novemba na wa tatu. Mwaka 2020 ulipoisha wakaandika wasifu, na kwa uaminifu wakaandika kila mkataba mstari wake. Msomaji asiyejua akaona mtu aliyeruka waajiri watatu kwa mwaka mmoja.

Pia kuna sheria yenyewe. Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema mkataba wa muda maalumu hauwezi kuzidi miaka miwili, na kwamba mfanyakazi hawezi kufunga na mwajiri yuleyule zaidi ya mikataba miwili ya namna hiyo, wala kuurefusha zaidi ya mara moja, isipokuwa kwa kazi chache zilizotajwa. Nia ya sheria ni njema: baada ya hapo mtu apewe mkataba usio na kikomo. Lakini mwajiri ambaye fedha zake zinakuja kwa mradi wa miezi 12 anaogopa kufunga mkataba usio na kikomo. Nilimjua dereva mmoja hodari, mtu aliyeijua barabara ya Mahagi kwa kila daraja lake. Alimaliza mkataba wa pili, mkuu wake akamshukuru mbele ya wenzake, na wiki iliyofuata akawa hana kazi kwa sababu wa tatu ungekuwa wa kudumu. Yalimpata hayohayo katika mashirika matatu mfululizo. Kwenye karatasi anaonekana mtu asiyetulia. Ukweli ni kwamba kila mahali alikaa mpaka siku ya mwisho aliyoruhusiwa kukaa.

Sheria hiyohiyo inaeleza kwa nini vyeti vyetu vya kazi havisemi kitu. Cheti cha mwisho wa kazi kinatakiwa kuonyesha aina ya kazi, muda wake, tarehe ya kuanza na kumaliza, pamoja na namba ya mfanyakazi ya hifadhi ya jamii, na hakiruhusiwi kuongezwa neno jingine. Mara kadhaa nimewasikia wanakamati wakisema, "Huyu cheti chake hakimsifu, lazima kuna kitu." Hakuna kitu. Cheti kinachofuata sheria hakimsifu mtu wala hakimlaumu. Barua ya sifa ni karatasi nyingine, inayotolewa kwa hiari.

Turudi sasa kwenye nafasi ya msimamizi wa ghala, maana kuna bahasha moja niliyoomba tuisome mpaka mwisho kabla ya kuamua juu ya mstari wa utulivu. Ilikuwa ya dada mmoja mwenye umri wa miaka thelathini na kitu. Kwa jedwali la kijana alikuwa ameshatoka: waajiri 7 katika chini ya miaka 10, mapengo 7, mawili kati yake yakiwa ya miezi 7.

Alianza Februari 2016 kama karani wa ghala la dawa katika wilaya ya Djugu, akakaa miezi 24, hadi Januari 2018. Pengo la kwanza ni Februari hadi Agosti 2018. Septemba hadi Desemba 2018 alitunza ghala la chakula cha wakimbizi wa ndani hapa Bunia, miezi 4. Machi 2019 hadi Juni 2020 alikuwa kwenye ghala la riposti, miezi 16. Pengo kubwa la pili ni Julai 2020 hadi Januari 2021. Baada ya hapo ni miradi minne: miezi 6 mwaka 2021, miezi 12 hadi Septemba 2022, miezi 12 hadi Novemba 2023, na miezi 13 hadi Februari 2025. Kati ya mradi na mradi alikaa miezi miwili miwili.

Nikamwomba kijana achukue kalamu ajumlishe miezi ya kazi. 24, 4, 16, 6, 12, 12 na 13 ni 87. Tangazo letu lilitaka miaka 5 ya uzoefu wa ghala, yaani miezi 60. Dada huyu alikuwa nayo na 27 ya ziada, na yote ilikuwa ya ghala. Tangu Februari 2016 hadi Agosti 2025 ni miezi 115, kwa hiyo nje ya kazi alikaa miezi 28 kwa jumla.

Kisha tukaweka kalenda kando ya wasifu. Miezi 7 ya 2018 ni Djugu ikiungua. Miezi 7 ya 2020 inaanza wiki riposti ilipofungwa, katikati ya korona. Miezi 6 ya 2025 ni ya kila mtu. Jumla 20. Iliyobaki ni miezi 8, nayo ni ile miwili miwili kati ya miradi, muda ambao Bunia mtu hutumia kupeleka bahasha, kusubiri orodha, kufanya mtihani na kusubiri tena. Mkataba wa kila mradi ulikuwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa, na cheti cha kila mmoja kilionyesha kwamba aliondoka tarehe hiyohiyo, isipokuwa ule wa mwisho, ambao mradi wake ulikatwa. Katika miaka yote hiyo hakuna mahali alipoacha kazi kabla ya wakati.

Kijana alinyamaza, kisha akauliza swali zuri: "Na huyu mwingine je, Mama?" Akatoa bahasha ya bwana mmoja aliyekuwa amepata alama zote 15 za utulivu. Waajiri 4, mapengo ya mwezi mmoja au miwili. Ukitazama kwa mbali, ndiye mtulivu.

Tukampima kwa njia ileile. Mikataba yake mitatu ya mwanzo ilikuwa ya miezi 12, naye aliiacha mwezi wa 5, wa 7 na wa 6. Miradi yenyewe iliendelea baada yake, jambo ambalo wawili kati yetu tulilijua kwa sababu tuliifahamu. Hapa ndipo kubadilisha kazi kunapouliza swali la haki: mtu ameondoka wakati kazi ingali ipo. Hata hivyo swali si hukumu. Huenda alipata mshahara mzuri zaidi, huenda barabara ya kwenda kazini ilikuwa na watu wenye silaha, huenda mzazi aliugua. Niliomba naye aitwe, kwa kuwa uzoefu wake ulitosha, na swali tumuulize ana kwa ana na baadaye tuwapigie wakuu wake wa zamani kwa namba za ofisi, tusitegemee namba ya simu ya mkononi aliyoiandika mwenyewe.

Mstari wa utulivu ulifutwa, na alama zake 15 zikahamia kwenye mtihani wa vitendo. Kwa mtihani huo tuliandika fishi ya stoki ya dawa moja. Mwanzo wa mwezi maboksi 480, yaliyoingia 200, yaliyotoka 315, na baki iliyoandikwa chini ni 375. Rafuni tuliweka maboksi 365. Kila mwombaji aliambiwa ahesabu na aandike ripoti. Baadhi waliandika mara moja kwamba maboksi 10 yameibwa. Dada yule alichukua kalamu, akajumlisha upya 480 na 200, akatoa 315, akapata 365, akaandika kwamba rafu iko sawa na aliyekosea ni mwandishi wa fishi. Kisha, bila kuambiwa, akatazama tarehe za kuisha muda na kusogeza mbele maboksi yanayokwisha mapema. Ilikuwa kazi ya dakika chache, na ilituambia mengi zaidi juu ya msimamizi wa ghala kuliko tarehe zote za karatasi zake.

Yule bwana alifanya vizuri pia. Kwenye usaili alieleza vizuri kuondoka kwake mara mbili. Ya tatu hakuweza kuieleza, na mkuu wake wa zamani alipopigiwa simu alituambia kwamba aliondoka wiki ya hesabu ya ghala na hesabu haikukamilika. Hatukumwajiri kwa sababu ya jibu hilo moja. Idadi ya waajiri wake haikuwa na uzito wowote.

Siku hizo nilimtafutia kijana yule utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na wachumi watatu, Kory Kroft, Fabian Lange na Matthew Notowidigdo. Walituma wasifu wa kubuni kwa waajiri wa kweli katika miji 100 ya Marekani, wakibadilisha miezi ambayo mtu hakuwa na kazi. Kadiri miezi ilivyoongezeka, simu za kuitwa zilipungua, hasa ndani ya miezi 8 ya mwanzo. Lakini katika miji ambayo kazi zilikuwa adimu, adhabu hiyo ilikuwa ndogo. Waajiri wa huko walijua kwamba mahali pasipo na kazi, kukosa kazi hakumwelezi mtu. Kama mwajiri wa Marekani anaweza kulitambua hilo, sisi wa Bunia tunaoishi ndani yake hatuna sababu ya kuwa wakali zaidi.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2022 baada ya kutuma maombi zaidi ya 9,000 kwa waajiri wa Uingereza, ulionyesha kwamba wasifu unaotaja muda wa kila kazi badala ya tarehe zake ulipata majibu mengi zaidi, na uliwafaa hata wale wasio na pengo. Nadhani sababu ni ileile ya maboksi yetu. Jicho la mtu aliyechoka hulifuata lililo rahisi kuonekana. Ukimwonyesha tarehe, atatafuta matundu. Ukimwonyesha miezi, atajumlisha.

Sisemi tarehe zifichwe. Mwombaji anayeandika 2018 hadi 2019 bila miezi anaweza kuwa amefanya kazi miezi 2 au 24, na kumwacha hivyo ni kumwonea aliyeandika ukweli wote. Ninachoomba ni tangazo lidai miezi kwa kila kazi, na pembeni nusu mstari wa jinsi ilivyoisha: mkataba umekwisha, mradi umefungwa, nimeacha mwenyewe, nimeachishwa. Maneno hayo manne yanatosha kwa hatua ya mchujo. Sababu za ndani, kama vile uzazi, ugonjwa au mazishi, au kijiji alichokimbia mtu na nani aliyemkimbiza, hazituhusu kwenye meza ile. Mwanamke aliyejifungua Julai 2020 asilazimike kutueleza ili apewe nafasi ya kufanya mtihani. Na kwenye usaili, swali la pengo likiulizwa kwa mmoja liulizwe kwa wote, kwa maneno yaleyale: katika miezi ile ulifanya nini ambacho kinaweza kusaidia kazi hii? Mtu anaweza kujibu kwa kutaja shamba la mihogo, daftari la kambini au duka dogo la mafuta, na hayo ni majibu ya kazi.

Kwa anayeandika wasifu, kama mikataba mitatu ilikuwa ya mwajiri mmoja, iweke chini ya jina moja na tarehe moja ya kuanza na kumaliza, kisha taja mikataba ndani yake. Kama ulikuwa ghala lilelile chini ya walipaji watatu, anza na ghala. Wala usizibe pengo kwa kurefusha kazi ya zamani, kwa sababu cheti kina tarehe na kamati itakiona.

Nanyi mnaochuja maombi mjini kwetu mwaka huu, mkipewa jedwali lenye mstari wa pengo au wa idadi ya waajiri, ufuteni kabla bahasha ya kwanza haijafunguliwa, muweke mahali pake jumla ya miezi ya kazi inayohusika na mtihani mmoja wa vitendo. Kazi hiyo inachukua nusu siku zaidi. Anayesubiri orodha kwenye ubao ameshasubiri miezi mingi.